Alama 92, na Kalenda Inasemaje?

Mfumo wa kompyuta unaochuja maombi ya kazi unapompa mwombaji alama 92 kati ya 100, mara nyingi unakuwa umefanya mambo mawili. Umetafuta kwenye wasifu wake maneno yaliyomo katika tangazo la kazi, kisha umejumlisha muda aliokaa kila mahali na kuulinganisha na miaka inayotakiwa. Jambo la kwanza watu wengi wanalijua, na ndiyo maana waombaji siku hizi hunakili maneno ya tangazo na kuyapanga ndani ya wasifu. La pili halizungumzwi sana, ingawa ndilo linaloweza kumpandisha mtu ngazi mbili juu ya uzoefu wake halisi bila yeye kudanganya hata neno moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hospitali binafsi inatafuta mhasibu mkuu mwenye uzoefu usiopungua miaka 8. Wasifu unaoongoza kwa alama una kazi nne. Mwombaji alikuwa mhasibu wa kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam kuanzia Januari 2016 hadi Desemba 2018. Akawa mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi Morogoro, Julai 2018 hadi Juni 2021. Ameandika pia kwamba ni mshauri wa hesabu wa kujitegemea tangu Januari 2019 hadi sasa. Mwisho, alikuwa mhasibu mwandamizi wa shirika moja Mwanza, Januari 2022 hadi Desemba 2023. Maombi yamefika mwishoni mwa Juni 2024.

Mfumo unaojumlisha kazi moja moja utahesabu hivi: miezi 36, tena 36, kisha 66, kisha 24. Jumla ni miezi 162, yaani miaka 13 na nusu. Kwenye skrini mwombaji anaonekana kuvuka kiwango kwa zaidi ya miaka mitano. Lakini tangu Januari 2016 hadi Juni 2024 kalenda imepita miezi 102 tu, ambayo ni miaka 8 na nusu. Hakuna binadamu anayeweza kupata uzoefu wa miaka 13 na nusu ndani ya muda huo. Mikeka miwili ikilaliana haiongezi urefu wa chumba, na miezi miwili iliyolaliana haiongezi urefu wa utumishi. Ipo mifumo inayotenganisha miezi inayogongana, na ipo isiyotenganisha. Afisa ajira anapaswa kujua wa kwake uko upande gani, na njia nyepesi ya kujua ni kuupa wasifu wa majaribio wenye kazi mbili za kipindi kimoja na kuangalia umeandika miaka mingapi.

Dawa yake haihitaji programu mpya. Chukua karatasi ya miraba, andika miaka juu, gawa kila mwaka miezi 12, kisha mpe kila mwajiri mstari wake na upake rangi miezi aliyofanya kazi. Ukishamaliza, hesabu safu wima zenye rangi, kila safu mara moja tu hata kama ina rangi mistari mitatu. Hiyo ndiyo hesabu ya kalenda. Kwa wasifu wa kawaida kazi yote ni ya dakika chache, na karatasi hiyo itakuonyesha mambo ambayo orodha ya kawaida huyaficha.

Kwa mwombaji wetu inaonyesha mawili. Kwanza, Julai hadi Desemba 2018 ana ajira mbili, moja Dar es Salaam na nyingine Morogoro, zote zimeandikwa kana kwamba ni za kutwa. Pili, ukifunika kwa kidole ule mstari mrefu wa ushauri wa kujitegemea, yanajitokeza mapengo mawili: Julai hadi Desemba 2021, na Januari hadi Juni 2024. Miezi yenye ajira inabaki 90, yaani miaka 7 na nusu, chini ya kiwango cha tangazo. Kazi ya kujitegemea inayosomeka "hadi sasa" ina tabia hiyo ya kupita juu ya kila kitu na kuziba kila pengo, kwa hiyo mimi huona ni lazima wasifu usomwe mara mbili, mara moja ikiwemo na mara nyingine ikiwa imetolewa.

Kabla ya kumtilia mtu shaka, linganisha kile mfumo ulichosoma na wasifu wenyewe. Makosa mengi ya tarehe ni ya mashine. Wasifu uliopangwa kwa safu mbili unaweza kusomwa kwa kukata ukurasa kutoka kushoto kwenda kulia, na tarehe za kazi moja zikabandikwa kwenye nyingine. Mtu aliyepandishwa cheo mara tatu kwa mwajiri mmoja huandika kipindi kizima juu, kisha vyeo vyake chini kila kimoja na tarehe zake. Mfumo ukihesabu kipindi kizima na vyeo pia, utumishi wa miaka 7 unakuwa 14. Halafu kuna tarehe za tarakimu tupu. Sisi tukiandika 04/07/2018 tunamaanisha tarehe 4 Julai, ila programu iliyowekwa kwa utaratibu wa Marekani itasoma tarehe 7 Aprili, na hapo miezi mitatu imehama. Tafuta tarehe nyingine kwenye wasifu huohuo ambayo namba yake ya kwanza inazidi 12, maana hiyo haiwezi kuwa mwezi, na utajua mwandishi anafuata utaratibu gani.

Miaka isiyo na miezi ni tatizo la aina yake. "2018–2019" inaweza kuwa Januari 2018 hadi Desemba 2019, miezi 24, na inaweza pia kuwa Desemba 2018 hadi Januari 2019. Mfumo hauwezi kuacha nafasi tupu, hivyo huchagua wenyewe, na chaguo lake halionekani kwenye alama. Hapo hakuna la kukisia. Mwombaji aulizwe miezi.

Turudi kwa mhasibu wetu. Ofisi ya ajira inampigia simu na kumwambia kwa lugha ya kawaida: "Ndugu, tunaona Julai hadi Desemba 2018 una kazi mbili. Ilikuwaje?" Swali la namna hiyo linampa nafasi ya kueleza bila kujiona amesimamishwa kizimbani. Anajibu kwamba ajira yake kwenye usafirishaji iliisha mwishoni mwa Juni 2018, ila aliendelea kwenda mwisho wa wiki kuwafungia hesabu za mwaka kwa mkataba mdogo, na malipo ya mwisho aliyapata Desemba. Akaandika Desemba.

Maelezo hayo yanathibitishika. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kenya, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataja hata yatakayoandikwa humo, zikiwemo tarehe ya kuanza, aina ya kazi, mahali pake na tarehe ya kumaliza. Sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kusema mtu alikuwa hodari au mzembe. Kwa kazi hii ya tarehe hilo halina shida, kwa sababu tunachotafuta ni kalenda tu. Michango ya NSSF nayo inaonyesha mwajiri alimchangia mtu miezi gani, na mwenye akaunti anaweza kuiomba taarifa yake mwenyewe na kuileta. Kukosekana kwa mchango peke yake hakuthibitishi kwamba kazi haikuwepo, maana wapo waajiri wasiowasilisha. Na mwajiri wa sasa asipigiwe simu kabla mwombaji hajaridhia. Watu wamepoteza kazi kwa simu kama hizo.

Cheti cha mhasibu wetu kinasema 30 Juni 2018. Kazi ya kwanza inapungua kutoka miezi 36 hadi 30. Lakini tazama karatasi ya miraba: idadi ya safu zenye rangi haijabadilika, kwa sababu miezi ile sita imefunikwa na kazi ya Morogoro. Tarehe ilikuwa na kasoro, uzoefu wake uko palepale. Ofisi ambayo ingemtupa kwa kugundua tu mgongano ingemtupa kwa jambo lisilogusa sifa aliyoombwa.

Ushauri wa kujitegemea unahitaji maswali marefu zaidi: wateja wangapi, kazi gani, siku ngapi kwa mwezi, na nini kinaonyesha. Anaeleza kwamba akiwa Morogoro alikuwa na mteja mmoja wa jioni. Nusu ya pili ya 2021 alikuwa na wateja watatu, akiwaandalia ritani za VAT ambazo huwasilishwa kila mwezi, na ana mikataba na barua zao. Mwaka 2024 amebaki na mteja mmoja, siku mbili kwa mwezi. Kwa hiyo nusu ya 2021 ni kazi kamili na inastahili kuhesabiwa, na hii ya 2024 si kazi ya kutwa. Miezi 90 na 6 inafanya 96. Amefikia miaka 8 kamili, wala hakuna aliyemwonea au kumpendelea. Kinachoanguka ni ile miaka 13 na nusu, pamoja na pointi zote alizozidishiwa kwa sababu yake. Na karatasi inaonyesha pia kwamba akiwa mwandamizi amekaa miezi 24 tu, jambo ambalo alama 92 haikulitaja.

Mfuatano wa kazi una maswali yake pia. Mtu kutoka "mkurugenzi wa fedha" kwenda "mhasibu" si ajabu kama kampuni ya kwanza ilikuwa na wafanyakazi wanne. Cheo hupimwa kwa ukubwa wa vitabu na watu aliowasimamia. Mhasibu anayesema aliongoza utekelezaji wa kiwango cha IFRS 16 cha mikataba ya ukodishaji, katika kazi iliyoisha 2018, aulizwe alifanya nini hasa, kwa sababu kiwango kilianza kutumika Januari 2019. Kilitolewa 2016, na maandalizi ya mapema yalikuwepo, hivyo jibu linaweza kuwa safi kabisa. Daktari wa hospitali ya serikali mwenye zamu kliniki binafsi, au mhadhiri anayefundisha vyuo viwili, watakuwa na miezi iliyolaliana maisha yao yote ya kazi.

Tanzania ilipotangaza Aprili 2017 kwamba watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, ofisi nyingi zilijifunza kukagua vyeti. Cheti halali hakisemi mwenye nacho alifanya kazi miezi mingapi, na ukaguzi wa tarehe hata leo huachiwa mashine.

Na karatasi hiyo isiishie kwa walioongoza. Mfumo usiotambua majina ya miezi ya Kiswahili unaweza kukutana na "Machi 2014 hadi Agosti 2023" ukasoma sifuri, na mwombaji mwenye zaidi ya miaka 9 kwa mwajiri mmoja akapewa alama 58. Hospitali yetu ikikagua kumi wa juu peke yao, haitamwona. Ikichukua na wachache wa katikati, hasa wale ambao mfumo umewaandikia uzoefu mdogo kuliko umri wa shahada zao, itampata akiwa na miezi 114, yote ya kazi moja isiyogongana na nyingine.