Akiba ya siku 340, simu ya dakika kumi

Mapema mwaka 2024, Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, iliwaonyesha waandishi wa habari watu 45 waliotuhumiwa kuwaibia watu kwa njia ya simu. Mtandao wao ulihusishwa na Rusizi, wilaya ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu, na huko wanajulikana kwa jina moja tu: Abameni. Fedha walizodaiwa kuchukua zilizidi faranga milioni 400. Mbinu zao zilikuwa kadhaa, na mojawapo ilikuwa kujifanya wafanyakazi wa kampuni ya simu.

Nataka kuieleza mbinu hiyo kwa hesabu, hasa sura yake iliyo kali kuliko zote: mtu anakupigia, anakwambia akiba yako iko hatarini, kisha anakutaka uihamishie mahali salama. Hahitaji kuiba namba yako ya siri wala kuvunja mtambo wowote. Wewe mwenye pesa ndiwe unayezituma, kwa mkono wako.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza sambaza sokoni Kamembe. Kila siku ya soko anaweka kando faranga 1,000 kwenye MoMo, na sasa amefikisha 340,000. Hizo ni siku 340 za kuamka alfajiri kuwawahi wavuvi wa Kivu. Akifanya kazi siku sita kwa wiki, ni zaidi ya wiki 56, yaani mwaka na mwezi.

Simu inaita. “Mama, shikamoo. Napiga kutoka ofisi ya usalama wa MoMo. Kuna mtu yuko Kigali sasa hivi anajaribu kutoa pesa zako. Umemtuma wewe?” Mama anasema hapana. Basi mlango umefunguka. Mpigaji anamtuliza, anamwambia wezi wako ndani ya kampuni yenyewe kwa hiyo asimwambie wakala wala jirani, kisha anamsihi asikate simu. Halafu anampa namba ya “akaunti salama” na kumhakikishia kwamba pesa zitarudi baada ya saa mbili.

Mama anabonyeza *182*1*1#, anaandika namba aliyopewa, anaandika kiasi. Hapo, kabla ya namba ya siri, simu inamwonyesha jina la anayepokea. Huu ndio mstari ambao ningetaka kila mtu auangalie kwa macho mawili. Akaunti salama ya kampuni imeandikwa jina la mtu binafsi, ambaye mama hajawahi kumsikia. Mpigaji anajua mstari huo unakuja, ndiyo maana anauwahi: “Utaona jina la ofisa wetu, usiogope.” Ukisikia mtu anakuandaa kwa jina utakaloliona, tayari una ushahidi wa kutosha wa kukata simu.

Kuna dalili nyingine imejificha kwenye ada. Kwa viwango vilivyozoeleka vya MTN Rwanda, kutuma kiasi cha kati ya 10,001 na 150,000 hulipiwa faranga 250, na kikizidi hapo, hadi milioni mbili, hulipiwa 1,500. Mpigaji anaweza kumwambia mama agawe pesa: 150,000 kwa namba ya kwanza, 150,000 kwa ya pili, 40,000 kwa ya tatu. Ada inakuwa 750 badala ya 1,500, na mama anaona ametunziwa nusu ya gharama. Anayenufaika na mgawanyo huo ni mpigaji. Kwa laini tatu, watu watatu wanatoa pesa kwa mawakala watatu kwa wakati mmoja.

Sasa tuhesabu upande wa pili. Hesabu hii ni yangu, ya kukadiria. Kijana mmoja anapiga simu 60 kwa siku na kutumia faranga 1,000 za muda wa maongezi. Katika siku sita amepiga simu 360 kwa faranga 6,000. Watu 359 wanamkatia, wanamtukana, au hawapokei kabisa. Mmoja anatuma 340,000. Wenye laini na watoaji tukiwapa theluthi nzima, kama 113,000, mpigaji anabaki na zaidi ya 220,000 baada ya kulipia simu zake.

Ndiyo maana kusema “watu siku hizi wameamka” hakuupunguzi wizi huu. Hata kama watu 359 kati ya 360 wameamka, wiki imempa mpigaji faida. Kinachomgharimu hasa ni laini. Rwanda iliweka kikomo cha laini tatu kwa kitambulisho kimoja katika kila kampuni, kwa hiyo genge linahitaji vitambulisho vya watu wengine, mara nyingi vya maskini waliolipwa kidogo au waliosajiliwa bila kujua. Ukibonyeza *125# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, huenda ndiyo “akaunti salama” ya mtu fulani.

Turudi kwenye zile milioni 400. Ukizigawa kwa watu 45, kila mmoja anapata wastani wa karibu milioni 8.9. Sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018, kifungu cha 174, inampa aliyepata mali ya mtu kwa ulaghai kifungo cha miaka miwili hadi mitatu, na faini ya milioni 3 hadi 5. Kwa hiyo faini ya juu kabisa ni ndogo kuliko wastani huo. Uzito unakuja waendesha mashtaka wakithibitisha kosa la kuunda genge la uhalifu, ambalo lina kifungo cha miaka saba hadi kumi. Na ukizigawa milioni 400 kwa akiba ya yule mama, unapata akina mama zaidi ya 1,170, kila mmoja na mwaka wake wa sambaza.

Msomaji wa Tanzania anawajua ndugu wa Abameni kwa ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”. Uingereza nako, mwaka 2023, watu waliodanganywa wakatuma pesa wenyewe walipoteza pauni milioni 459.7 kwa ulaghai wa kila aina, na sehemu yake ni hii hii ya polisi bandia na maofisa bandia wa benki. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki za huko zinalazimika kumrudishia mteja aliyelaghaiwa hadi pauni 85,000, na benki iliyopokea pesa inalipa nusu. Kipengele hicho cha nusu ndicho kinachonigusa, kwa sababu kinamfanya anayefungua akaunti ya mwizi aone hasara yake mwenyewe.

Mama wa Kamembe hana kinga ya namna hiyo. Namba ya siri ni yake, na kwa mtambo muamala ni halali. Kilichobaki ni muda kati ya pesa kuingia kwenye laini ya mpokeaji na kutolewa kwa wakala, na mwizi anamng'ang'aniza asikate simu ili muda huo uishe akiwa bado anaongea naye. Akikata mapema na kupiga 100 kwa MTN, kisha 166 kwa RIB, akiwa na ujumbe wa muamala ambao hajaufuta, kuna uwezekano wa kuzuia kilichosalia. Huenda 150,000 mbili zimeshatolewa. Zile 40,000 za mwisho, kama mtoaji wa tatu bado yuko kwenye foleni ya wakala, ni siku 40 za soko ambazo bado zinaweza kurudi.