Koti Jipya, Uso Uleule

Kubadili mwonekano wa mtu kwenye picha kuna njia mbili kuu siku hizi. Ya kwanza ni ya zamani: mhariri anachagua sehemu anayotaka kuibadili, anaiwekea maski, kisha anarekebisha rangi au mwanga ndani ya mipaka ya maski hiyo. Ya pili ni kujaza kwa akili mnemba. Mhariri anachagua eneo, anaandika maneno machache kueleza anachotaka kiwepo, na programu inachora kitu kipya hapo. Katika Photoshop chombo hiki kinaitwa Generative Fill. Kilitolewa kwa majaribio Mei 2023 na kuingizwa rasmi kwenye programu Septemba mwaka huohuo.

Ukitazama juu juu, tofauti yake ni kasi tu. Tofauti yenyewe hasa iko kwenye hatima ya piseli za asili. Maski huziacha mahali pake na kuzipaka rangi kwa juu: tundu la ngozi lililokuwepo bado lipo, limekuwa jeusi zaidi au jekundu zaidi tu. Kujaza hufuta kila kilichomo ndani ya eneo na kuanza upya, kwa kukisia kutokana na kinachoonekana kandokando na kutokana na picha nyingi ambazo programu ilifundishwa nazo. Kikikisia kola ya shati, hakuna atakayelalamika, kwani kola ni kola. Kikikisia taya ya mtu, kinaweka taya nzuri tu ambayo si yake.

Tuseme ipo picha moja ya studio yenye upana wa piseli 4,000 na urefu wa 6,000. Mwanamke aliyemo amejifunga mtandio mweusi, amevaa fulana na miwani, na uso wake kutoka upande mmoja hadi wa pili una piseli zipatazo 1,400. Anataka mambo matatu: mtandio uwe wa rangi ya damu ya mzee, fulana iwe koti la ofisini, na miwani iondoke. Kila ombi linasogea karibu zaidi na uso kuliko lililotangulia, na uamuzi nao unabadilika.

Mtandio ni kazi ya maski, bila ubishi. Umbo lake halibadiliki, mikunjo yake ibaki ilivyo, kinachotakiwa ni rangi tu. Mhariri anauchagua kwa chombo cha kuchagua vitu, anaingia Select and Mask na kupita taratibu kwenye ukingo unaogusa shavu, akilainisha mpaka kwa piseli moja au mbili. Akizidisha hapo, rangi itamwagikia ngozi. Akiacha ukingo mkali kama uliokatwa kwa mkasi, mtandio utaonekana umebandikwa. Kisha anaweka leya ya rangi moja, anaibadili hali yake kuwa Color, na kuipa maski ileile.

Hapo wengi hushangaa: mtandio haujabadilika, bado ni mweusi. Hali ya Color hubadili rangi bila kugusa mwanga, na kitambaa cheusi karibu hakina mwanga wa kupaka rangi. Inabidi kwanza leya ya Curves iinue weusi kidogo ndani ya maski, hadi mikunjo ianze kuonekana, ndipo rangi ishike. Kwa rangi nzito kama damu ya mzee njia hii inatosha. Kwa nyeupe au njano haitoshi, maana weusi ukiinuliwa sana chenga za kamera zinatokea na kitambaa kinakuwa kama kimemwagiwa mchanga. Huo ndio mpaka wa kweli wa maski: haiwezi kutoa kwenye picha taarifa ambayo kamera haikuipokea.

Lipo jambo moja dogo ambalo wahariri wazuri hawalisahau. Mtandio wa rangi ya damu ya mzee, ungekuwepo kweli siku ya kupigwa picha, ungetupa wekundu hafifu chini ya taya na pembeni mwa mashavu. Bila wekundu huo, jicho la mtazamaji linahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama halijui ni nini. Unapakwa kwa brashi laini yenye nguvu ndogo sana, asilimia 5 hivi, juu ya leya yake. Ni kweli kwamba hapo uso umeguswa, lakini rangi tu ndiyo iliyoguswa. Umbo na ngozi viko palepale.

Koti ni habari nyingine. Fulana haina kola ya koti, haina mabega yaliyoshonwa wala vifungo, na maski haiwezi kuvizaa. Zamani studio zilitumia makoti yaliyokatwa kutoka picha nyingine na kubandikwa shingoni, ndiyo maana watu wengi wana picha ndogo ambamo kichwa kinaangalia huku na koti linaangalia kule. Kujaza kunafanya kazi hii vizuri zaidi, kwa sababu huuona mwelekeo wa mwanga na mkao wa mabega kabla ya kuchora.

Uharibifu wa uso hutokea wakati wa kuchagua eneo. Mhariri mwenye haraka huzungusha uchaguzi kuanzia kidevuni hadi chini, ili koti “liungane vizuri”. Programu haijui kwamba kidevu si sehemu ya ombi. Itachora koti pamoja na shingo mpya, kivuli kipya chini ya taya, na mara nyingi ukingo wa taya wenyewe. Shingo huwa ndefu kidogo, taya huwa nyembamba kidogo, ngozi huwa laini na pengine nyeupe kuliko ya mwenyewe. Kila badiliko peke yake ni dogo, lakini yakijumlishwa, ndugu zake wataitazama picha na kusema imefanana naye, badala ya kusema ni yeye.

Uchaguzi ukome chini ya shingo, pale fulana inapoanza, ukiingia kwenye ngozi kiasi kidogo tu cha kuruhusu kola ikae. Maneno yaeleze nguo, yasieleze mtu. Yanayomtaja “mwanamke mrembo aliyevaa koti” yanaualika uso usiotakiwa, ilhali “koti la bluu nzito lenye kola, shati jeupe ndani” yanatosha. Photoshop hutoa mapendekezo matatu kwa kila jaribio, na huyaweka kwenye leya ya peke yake yenye maski. Hii maski ndiyo bima. Mahali ambapo kujaza kumepanda juu ya ngozi, mhariri anachukua brashi laini nyeusi, anapaka kwenye maski, na shingo ya asili inarudi kutoka leya ya chini. Kazi nzuri karibu zote za aina hii zinamalizwa hivyo: akili mnemba inachora, maski inairudisha mipakani.

Tatizo jingine la koti ni ukubwa. Matoleo ya mwanzo ya Generative Fill yalichora kipande kisichozidi piseli 1,024 kila upande, kisha kukivuta kijaze eneo lililochaguliwa. Koti linalojaza upana wote wa picha yetu lingevutwa karibu mara nne. Matokeo yake ni uso wenye kope zinazohesabika juu ya koti lililofifia kama limepigwa kwa simu ya zamani. Njia ya kuzunguka ni kuchagua vipande vidogo, kola kwanza, kisha bega moja na la pili, kila kimoja kikiwa ndani ya kiwango hicho, na mwishoni kuongeza chenga kidogo ili nguo ifanane na picha nyingine.

Ukubwa huathiri nyuso pia, hasa kwenye picha za kundi. Programu kama Stable Diffusion, iliyotolewa mwaka 2022, hazichori piseli moja moja. Huibana picha kwanza, mara nane kwa upana na mara nane kwa urefu, zinachora kwenye hiyo iliyobanwa, kisha huifungua tena. Uso wenye upana wa piseli 64, kama wa mtu aliyesimama safu ya nyuma harusini, unabaki na vyumba nane kwa nane tu, na jicho lote linaweza kuangukia vyumba viwili tu. Hakuna nafasi ya kuhifadhi jicho la mtu fulani humo. Kibaya zaidi, kubana na kufungua huigusa picha nzima, hata nje ya eneo lililochaguliwa, kwa hiyo uso ambao hakuna aliyeugusa unaweza kubadilika kidogo ikiwa programu haikurudisha piseli za asili juu yake.

Miwani ndiyo ombi gumu kuliko yote, maana imekaa juu ya macho. Anayechagua miwani nzima pamoja na vioo vyake na kujaza atapata macho mazuri ya mtu mwingine. Lipo pia jambo la kioo chenyewe. Lenzi ya mtu asiyeona mbali hupunguza ukubwa wa jicho na kuvuta ukingo wa uso ndani, kiasi kwamba pembeni ya kioo shavu linaonekana limekatika. Ukiondoa fremu tu, mkatiko huo unabaki ukining’inia hewani.

Suluhisho bora hapa si programu. Ni kupiga picha ya pili, mwanga uleule na mkao uleule, bila miwani, kisha kuchukua macho ya picha hiyo na kuyaingiza kwa maski. Hayo ni macho yake kweli. Picha ya pili isipopatikana, kujaza kutumike kwa vipande vyembamba tu: daraja la puani peke yake, kisha mkono wa kulia wa fremu, kisha wa kushoto, pamoja na kivuli chake kwenye shavu, huku mboni na kope zikiachwa nje. Kipande kikiwa chembamba, programu huendeleza ngozi iliyo jirani. Kikiwa kipana, inaanza kubuni. Nyusi zilizokatwa na fremu ziangaliwe kwa karibu, maana vinyweleo vilivyochorwa hupenda kulala upande mmoja kama vimechanwa, na nyusi za watu hazilali hivyo.

Kwa picha ya pasipoti au kitambulisho haifai kugusa macho kwa njia yoyote kati ya hizi. Mashine za mipakani hulinganisha uso wa msafiri na picha, na sura iliyobuniwa ni sura isiyo na mwenyewe.

Kabla ya kumkabidhi mteja, kuna kipimo kisichodanganywa na jicho lililochoka. Picha ya asili inanakiliwa, inawekwa juu ya leya zote, na hali yake inabadilishwa kuwa Difference. Pasipobadilika kitu panakuwa peusi tii. Palipobadilika panang’aa kadiri ya badiliko. Leya ya Levels ikiongezwa juu na mwanga kuvutwa, hata tofauti ndogo inajitokeza. Katika picha yetu mtandio, koti na mistari ya fremu vinatakiwa kung’aa, pamoja na ukungu mwembamba wa wekundu uliopakwa kwa makusudi. Katikati ya uso pabaki giza. Mstari wa kijivu ukionekana ukifuata ukingo wa taya, kujaza kumevuka mpaka, na brashi nyeusi irudi kwenye maski ya koti hadi mstari huo upotee.