Waipa ya Nyuma Inapogoma Kuvuka

Waipa ya nyuma ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Ya mbele hufanya kazi kila mvua inaponyesha, lakini ya nyuma huweza kumaliza miezi bila kuwashwa, hadi siku mota yake inapokufa. Hapo mwenye gari huambiwa jambo ambalo hakulitarajia: mota haitoki ndani mpaka mkono wa waipa uvuliwe kwanza huko nje. Nati inafunguka vizuri tu. Mkono wenyewe ndio haubanduki.

Chanzo ni ndoa ya metali mbili. Shafti ya mota ni ya chuma, na ncha yake imechongoka kidogo, imezungukwa na meno madogo madogo. Kichwa cha mkono mara nyingi ni cha alumini, metali laini zaidi, na kimekandamizwa juu ya meno hayo kwa nati. Maji yakiingia kati yao, hasa yenye chumvi, alumini huliwa na kutoa ungaunga mweupe. Unga huo unataka nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa, kwa hiyo huzidi kubana. Gari linalolala karibu na bahari, Mombasa au Tanga, huyapata hayo mapema, na zaidi likiwa limepoteza kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachoziba nati.

Wengi hukimbilia bisibisi kubwa: huichomeka chini ya kichwa, wakaegemeza kwenye kioo au bati, kisha wakakandamiza. Nguvu ile lazima iishie mahali, na inaishia kwenye kioo. Kioo cha nyuma nacho hakitoi ufa wa kuvumilika. Husambaratika chote, punje punje, mara moja. Kisiposambaratika, shafti hupinda, kwa sababu mkono umeinuliwa upande mmja tu.

Pula ndogo ya miguu miwili, ile ambayo mafundi wa umeme huitumia kung'olea tamino za betri, hukwepa balaa hilo. Miguu yake hukamata kichwa kwa chini, pande mbili. Skrubu ya katikati husukuma ncha ya shafti. Chote kinachovutwa na kinachosukumwa kimebaki baina ya mkono na shafti. Kioo hakiguswi.

Chukua gari dogo la mtumba lenye nati namba 10. Fundi makini huanza kwa kubandika kipande cha tepu kwenye kioo, sambamba na mpira wa waipa, ili ajue mkono ulikuwa umelala wapi. Kisha hulegeza nati bila kuiondoa: huiacha juu ya nyuzi, uso wake ukilingana na ncha ya shafti. Nati hiyo huzilinda nyuzi, na pia huudaka mkono usiruke unapoachia. Hupulizia mafuta ya kulegeza kutu na kuyaacha yanywewe. Robo saa ni haba, usiku kucha ni bora.

Miguu ya pula hukaa chini ya sehemu nene ya kichwa, si kwenye bawaba wala kwenye bati jembamba la mkono. Skrubu ikishaishika ncha sawasawa, fundi huizungusha kwa spana robo mzunguko, husubiri, kisha huigonga kichwani kwa nyundo ndogo. Agonge kidogo tu, maana kishindo hicho huteremka hadi kwenye gia za mota, na katika mota nyingi gia hizo ni za plastiki. Kama mota inatupwa, haidhuru. Kama ni mkono tu unaobadilishwa, si mchezo.

Skrubu ikizidi kuwa nzito na hakuna kinachosogea, asiongeze mabavu. Hufunika kioo kwa kitambaa na kumwagia kichwa peke yake maji ya moto kutoka kwenye birika. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na tofauti hiyo ndogo huvunja mshiko wa ule unga. Robo mzunguko mwingine, na mara nyingi husikika "tak!" moja kavu. Ufa ukionekana kwenye kichwa, basi mkono umekwisha, lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko kioo.

Kabla ya kurudisha, shafti hupigwa brashi ya waya hadi meno yaonekane safi. Meno ya ndani ya mkono yakiwa yamesagika, mkono huo haufai tena: utateleza juu ya shafti inayozunguka. Mota huwashwa na kuzimwa kwanza ijiegeshe yenyewe, ndipo mkono uwekwe kwa kufuata tepu, nati ikazwe, na kioo kimwagiwe maji kabla ya jaribio. Halafu kitafutwe kifuniko kipya cha nati, kwa sababu maji yaliyoanzisha kazi yote hii yalipitia hapo.