Barua ya mtafiti Sotik: Kibali hutoka Nairobi, ofisini hupelekwa taarifa

MWANAFUNZI wa uzamili anayeingia katika ofisi ya Naibu Kamishna wa Kaunti mjini Sotik na barua ya kuomba ruhusa ya kukusanya data, bila karatasi nyingine mkononi, huwa ameanzia mwisho wa safari. Ofisi hiyo haiidhinishi utafiti.

Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, leseni ya utafiti hutolewa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI) jijini Nairobi. Anayeiomba huwa tayari amepitishiwa pendekezo lake na chuo na kupata idhini ya kamati ya maadili ya utafiti. Leseni yenyewe humtaka aripoti kwa kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu wa kaunti na gavana kabla ya kuanza kazi. Kwa mtafiti wa Sotik, afisi hizo ziko mjini Bomet, na huko ndiko aanzie. Akishapokelewa Bomet, ndipo ateremke Sotik na nakala zake.

Basi barua ya Sotik ina kazi mbili: kuarifu kwamba kibali kipo, na kuomba machifu wajulishwe. Tuchukulie mwanafunzi anayechunguza iwapo uchumaji wa majani chai huwaondoa watoto darasani. Barua yake inaweza kuwa hivi:

Kwa Naibu Kamishna wa Kaunti,
Kaunti Ndogo ya Sotik.

Bwana/Bibi,

MINTARAFU: KUKUSANYA DATA ZA UTAFITI

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika elimu. Nimepewa leseni ya NACOSTI, ambayo nambari yake na tarehe ya kumalizika zimo katika nakala niliyoambatisha, pamoja na barua za afisi za Bomet.

Ninakusudia kuwahoji wazazi 60 na walimu wakuu 6, na kusoma rejista za mahudhurio, kwa majuma matatu kuanzia tarehe iliyoonyeshwa. Sitawahoji watoto, wala majina ya wazazi hayataandikwa.

Ninaomba machifu wa lokesheni zilizoorodheshwa waarifiwe kuhusu ziara yangu. Siombi kusindikizwa nyumbani mwa watu.

Wako mtiifu,

Barua nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi chini ya Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 na hapana haja ya kukionea haya.

Neno "lokesheni" halikuwekwa kwa bahati. Wanafunzi wengi hutaja wadi, kama vile Chemagel au Kapletundo, kwa kuwa ndizo zinazosikika wakati wa kura. Lakini wadi ni eneo la mwakilishi katika bunge la kaunti. Chifu husimamia lokesheni, na mipaka ya viwili hivyo si lazima ilingane. Barua inayotaja wadi pekee humwacha karani akijiuliza ni chifu yupi apigiwe simu, na siku zinapita.

Sentensi ya kukataa kusindikizwa ndiyo yenye uzito zaidi, nayo ndiyo husahaulika. Chifu ni mmoja wa wanaotarajiwa kuhakikisha watoto wako shuleni. Mzazi atakayeulizwa mbele yake kama mwanawe huchuma chai siku za masomo atajibu nini? Dalili ya data zilizoharibika kwa njia hii ni rahisi kuiona: kaya zote za mlima mmoja zinasema hakuna mtoto aliyekosa shule, huku rejista ya mwalimu ikiwa na mapengo tele. Hapo kosa si la mzazi. Mtafiti amepeleka serikali sebuleni mwake kisha akatarajia ukweli.

Aidha, kibali cha serikali hakifungui lango la shamba la chai la kampuni. Vibarua wakihojiwa ndani ya shamba, meneja wake huandikiwa barua ya pekee. Akikataa, naibu kamishna hawezi kumlazimisha. Mtafiti atalazimika kuwatafuta vibarua hao nje ya shamba, saa za mapumziko, na kueleza katika tasnifu yake kwamba ndivyo alivyowapata.

Lipo pia suala la mpaka. Sotik inapakana na Borabu, na mtu anaweza kuvuka bila kutambua kwamba ameingia Kaunti ya Nyamira. Leseni hutaja mahali pa utafiti. Iwapo imetaja Bomet pekee, mzazi wa ng'ambo ya pili hahesabiwi miongoni mwa wale 60, hata kama mwanawe anasoma Sotik na jina lake limo katika rejista. Anayetaka kumhoji huitaja Nyamira tangu anapojaza ombi lake kwa NACOSTI, kisha huripoti kwa afisi za kaunti hiyo vilevile.