Kitambi Kigumu na Kilicho Nyuma Yake

Muulize mwanamume ukubwa wa kiuno chake, atakutajia namba ya suruali. Namba hiyo haisaidii, maana mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, kwenye nyonga. Nyonga hazinenepi haraka, kwa hiyo mtu huendelea kuvaa saizi ileile miaka nenda rudi huku tumbo likisonga mbele.

Kipimo cha kweli kinahitaji futi kamba ya fundi cherehani. Vua shati asubuhi kabla hujala, usimame wima. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho, kisha ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, na uzungushe kamba katikati ya hapo bila kubana. Toa pumzi kawaida, ndipo usome. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekutazama. Kwa mwanamume, kuanzia sentimita 94 hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda, na kuanzia 102 inakuwa kubwa. Mipaka hiyo ilitokana na vipimo vya watu wa Ulaya, na sisi Waafrika tumeazimwa tu. Ndiyo maana ni vizuri kutumia pia kanuni nyingine nyepesi: kiuno kisifike nusu ya urefu wako.

Sasa finya tumbo. Kinachoshikika kati ya vidole ni mafuta ya chini ya ngozi, nayo hayana madhara makubwa. Yenye madhara hayafinyiki. Yako ndani, nyuma ya misuli, yamezunguka utumbo na kulifikia ini. Yakijaa huisukuma misuli kutoka ndani, na tumbo linakaza kama ngoma. Mwenyewe hulipiga kofi akajisifu kwamba hayo si mafuta, ni nguvu.

Mafuta ya ndani hayatulii. Humwaga chembechembe za mafuta kwenye damu, na damu itokayo utumboni hupita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Ini likishajaa mafuta huacha kuisikiliza insulini, likaendelea kuachia sukari kwenye damu hata wakati haihitajiki. Kongosho nalo hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, mpaka linachoka. Hapo ndipo kisukari huingia, mara nyingi kikiongozana na presha. Mwanamke, kabla hajakoma hedhi, huhifadhi mafuta mengi mapajani na makalioni. Mwanamume huyapeleka tumboni mapema.

Kuyakata hakuwezekani. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene walionyonywa karibu kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo. Wiki kadhaa baadaye presha haikuwa imeshuka, wala insulini haikufanya kazi vizuri zaidi. Walikuwa wamepunguziwa mafuta yasiyo na kesi. Mazoezi ya kulala chali na kuinuka nayo hukaza misuli tu. Hayachagui mafuta ya kuchoma.

Nafuu ni kwamba mwili unapopungua, mafuta ya ndani huwa miongoni mwa ya kwanza kuondoka. Tumchukue mwanamume wa miaka 45, urefu sentimita 170, kilo 86, kiuno 101. Nusu ya urefu wake ni 85, kwa hiyo amezidi sana. Kila jioni hunywa bia mbili za nusu lita, ambazo ni kama kalori 400. Soda ya mchana ina vijiko tisa hivi vya sukari, na vikombe vyake vitatu vya chai vina vingine tisa. Huyu hana haja ya kufunga kula. Bia zikibaki za Jumamosi, soda ikawa maji, na chai ikawa ya kijiko kimoja, tayari ameondoa kalori zaidi ya 600 kwa siku nyingi za wiki. Apunguze na ugali, aongeze mboga na maharage.

Kisha atembee nusu saa, siku tano kwa wiki, kwa kasi ya mtu anayeweza kuongea lakini hawezi kuimba. Mwendo huo hupunguza mafuta ya ndani hata kama mizani haijasogea, na hapa ndipo wengi hukata tamaa bure kwa kuamini mizani badala ya futi kamba. Akishuka kilo sita tu katika miezi michache, sukari na presha huweza kushuka kabla hajaikaribia ile 85. Apime kiuno mara moja kwa mwezi, palepale, na aende zahanati apimwe presha na sukari kabla hajala.

Tumbo lililovimba ndani ya wiki chache, huku mikono ikikonda au miguu ikijaa, si kitambi. Hayo huenda yakawa maji yanayotokana na ugonjwa wa ini, moyo au figo, na dawa yake si kutembea bali kumwona daktari mara moja.