Barua ya mkulima wa vitunguu kwa mbunifu wa lebo

Mkulima wa Mang'ola, kule Karatu kando ya Ziwa Eyasi, akiamua kuuza vitunguu vyake kwenye mifuko midogo ya neti badala ya magunia, anahitaji lebo. Picha anayoitaka huwa ni ileile: rundo la vitunguu vyekundu mbele, shamba nyuma. Rundo halina shida, maana vitunguu anavyo na simu anayo. Kazi ipo kwenye shamba la nyuma.

Mbunifu yuko mjini na huenda hajawahi kukanyaga jaruba la vitunguu. Akiambiwa tu "weka shamba safi nyuma", ataingia mtandaoni na kuchukua lile linalopendeza, nalo mara nyingi ni la ngano au chai, la nchi nyingine na la mpiga picha ambaye hajatoa ruhusa. Lebo itakuja inang'aa. Lakini mama anayeuza vitunguu sokoni ataona mara moja kwamba vitunguu vimewekwa kwenye shamba la chai, na kuanzia hapo atatilia shaka hata jina la Mang'ola lililoandikwa juu yake.

Dawa yake ni barua, hata iwe ya ukurasa mmoja. Nimeiandika hii kama mfano:

"Mdogo wangu, habari za kazi.

Nakutumia picha mbili. Ya kwanza ni rundo la vitunguu nilivyokwisha kukata majani na mizizi. Ya pili ni shamba la jirani yangu, amekubali litumike. Zote nimezipiga saa mbili asubuhi nikiwa nimeelekea kusini, jua likiwa kushoto kwangu. Nilichuchumaa, simu ikawa juu kidogo ya kilele cha rundo. Tafadhali usizigeuze kushoto kulia.

Nyuma ya rundo naomba lionekane shamba la vitunguu tu, ambavyo majani yake bado yamesimama. Uondoe mpira wa maji, ndoo, mifuko ya plastiki, nguzo ya umeme na yule mtu aliyeinama. Magugu ya ukingoni yaondoe pia. Ila matuta ya majaruba yaache, na udongo kati ya mistari uache na rangi yake. Usiongeze milima wala mawingu.

Shamba liwe na ukungu kidogo: mtu aone mistari, asiweze kuhesabu majani. Kijani kisiwe kikali. Sehemu ya juu, theluthi moja ya lebo, iwe anga tupu ya rangi nyepesi, hapo ndipo jina litakaa. Mstari wa shamba na anga upite juu kidogo ya kilele cha rundo.

Lebo ni sentimita 15 kwa 20, imesimama. Kabla ya kuchapa zote naomba nione moja iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe."

Kila sentensi hapo ina sababu yake.

Tuanze na majani yaliyosimama. Kitunguu kinapokuwa tayari kuvunwa, shingo yake hulegea, majani hulala chini na kuanza kukauka. Shamba la siku ya mavuno kwa hiyo lina manjano, kijivu na vumbi, na kwenye picha linaonekana kama limekufa. Mbunifu akiambiwa tu alisafishe, atalipaka kijani, na majani yaliyolala yatageuka nyasi. Njia ya kweli ni kupiga picha jaruba ambalo bado linakua. Mang'ola hulima kwa maji ya chemchemi, hivyo si ajabu mmoja akawa anavuna na jirani yake bado anamwagilia. Kijani cha majani ya kitunguu kina ubuluu ndani yake, na ngozi yenye wekundu wa zambarau hujitokeza vizuri mbele yake bila kuongezwa chochote.

Mwanga ndio unaoumbua picha nyingi zilizounganishwa. Tazama kitunguu kimoja kwa karibu: upande wa jua kina alama ndogo nyeupe inayong'aa, na upande wa pili ngozi inakolea hadi kukaribia weusi. Kama alama hiyo iko kushoto, basi matuta ya nyuma nayo lazima yatupe vivuli vyao kulia. Yakivitupa kushoto, jicho la mtazamaji litakataa, hata kama mwenyewe hawezi kusema kwa nini. Ndiyo maana mkulima ametaja saa na upande alioelekea, na ndiyo maana amekataza picha kugeuzwa. Saa sita mchana haifai kabisa: kwetu huku karibu na ikweta jua linakuwa utosini, vivuli vinafupika, na mistari ya shamba inapotea.

Halafu kuna kimo cha simu, ambacho wengi hawakifikirii. Kwenye uwanda tambarare, mstari wa mbali unaotenganisha ardhi na anga huonekana siku zote kwenye kimo cha jicho la anayetazama. Ukipiga rundo ukiwa umesimama na kuinamisha simu, unaona migongo ya vitunguu na mstari huo hauingii kabisa kwenye picha. Ukilikata rundo hilo na kulibandika mbele ya shamba lililopigwa kwa kuchuchumaa, vitunguu vitaonekana vinamwagika kuelekea kwa msomaji. Hakuna ukungu wala rangi itakayoficha kasoro hiyo, ni kupiga upya tu.

Linabaki la uchapaji. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine huzitengeneza kwa wino, na kijani kikali cha kioo hakipo kwenye wino. Mkulima anayeomba kijani kilichotulia tangu mwanzo hatashtuka lebo zikitoka. Rangi ya kitunguu ni ngumu zaidi. Wino wa samawati ukizidi kidogo, kitunguu kinafanana na biringanya. Wino wa njano ukizidi, kinakuwa cha kahawia kama kilichokaa ghalani muda mrefu. Hilo halionekani kwenye simu, linaonekana kwenye karatasi ile itakayotumika, ukiishika nje kwenye mwanga wa mchana na kuweka kitunguu halisi pembeni yake.

Na picha itumwe nzima. Uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo lebo ya sentimita 15 kwa 20 inahitaji picha ya nukta takriban 1,770 kwa 2,360. Mbunifu ataongeza milimita 3 kila upande ili kisu cha kukatia kisiache ukingo mweupe. Simu nyingi za sasa zinafika huko bila taabu. Tatizo ni kwamba picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza nukta zake. Itume kama faili, au mpelekee kwenye kadi ya kumbukumbu.

Mkulima mwenzangu, sampuli ikija usiangalie jina lako kwanza. Angalia vivuli vinaangukia wapi, kisha mstari wa shamba uko juu au chini ya rundo, kisha shika kitunguu ulinganishe rangi. Kimoja kikikosewa, irudishe kabla hujalipa salio, kwa sababu lebo elfu moja zikishachapwa hakuna wa kuzirudisha.