Mkoa wa TANESCO si mkoa wa serikali

Anayejenga Dar es Salaam na kutaka umeme au maji anaweza kudhani kwamba jiji moja lina ofisi moja. Sivyo. TANESCO kwa miaka mingi imekuwa na mikoa yake ndani ya jiji hilo hilo: Ilala, Temeke, Kinondoni Kaskazini na Kinondoni Kusini, na chini ya kila mkoa kuna ofisi za wilaya. DAWASA nayo ina mikoa ya kihuduma, na huduma yake inavuka mpaka wa jiji hadi Bagamoyo, Kibaha, Kisarawe na Mkuranga, ambazo ziko Mkoa wa Pwani. Mipaka hii inafuata nyaya na mabomba, ndiyo maana hati ya kiwanja peke yake haikuambii uende ofisi gani.

Kinachokuambia ni jirani. Tuseme kiwanja chako kiko pembezoni, kata mbili zinapokutana. Mwombe jirani aliyekwisha kuunganishwa namba ya mita yake ya LUKU, yenye tarakimu 11, kisha piga simu 180, kituo cha huduma kwa wateja cha TANESCO. Mweleze mhudumu kuwa unataka umeme mpya karibu na mita hiyo, na uulize inahudumiwa na ofisi ipi. Kwa maji, chukua namba ya akaunti iliyo kwenye ankara ya jirani na uwaulize DAWASA vivyo hivyo. Tazama jirani wa upande ule ule wa barabara, maana ng'ambo inaweza kuwa ya ofisi nyingine.

Ukishapata jina la ofisi, usiridhike na "iko karibu na stendi". Ofisi huhama, na alama kwenye ramani ya simu hubaki ilipokuwa. Tena kibanda chenye bango la LUKU mara nyingi ni cha wakala anayeuza umeme tu, hapokei maombi. Muulize mhudumu jina la mtaa, barabara, namba ya jengo, na kama maombi mapya yanapokelewa hapo hapo. Jina la barabara na namba ya jengo unaweza kuvilinganisha na vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mitaani. Ofisi ya serikali ya mtaa pia hujua, kwa sababu mafundi wa shirika hupita kwao.

Siku hizi maombi ya umeme hufanyika kwa simu kupitia NIKONEKT, ukiwa na namba ya NIDA. Hata hivyo ofisi bado unaihitaji, hasa mpimaji anapochelewa kuja.

Na hapo ndipo vishoka huingia. Atakayekupeleka "ofisini" kwenye chumba cha pembeni na kudai fedha taslimu, mkatalie. Malipo halali hupitia kontroli namba ya tarakimu 12, na ukiwa na shaka nayo, piga 180 kabla ya kulipa.